Uzi: Kwa nini mpiganaji wa ngazi ya 4 anaitwa Shujaa? Mchezo wa vita ulivyogeuka mchezo wa kutunga hadithi pamoja

Kete_Nyekundu

Wakuu, kuna kitu kidogo kwenye vile vijitabu vitatu vya kwanza vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika (Januari 1974), ambacho nadhani kimebeba historia nzima. Jalada linasema hizi ni kanuni za kampeni za vita vya kubuni vya enzi za kati, zinazochezwa kwa karatasi, penseli na sanamu ndogo. Hapo jaladani hakuna neno hata moja kuhusu kuwa mhusika au kusimulia hadithi. Ukifungua ndani, mwendo unapimwa kwa inchi, kama vile unasogeza vikosi mezani.

Halafu njoo kwenye vyeo. Mpiganaji anaanza kama Mkongwe, anapanda. Akifika ngazi ya 4 anaitwa Shujaa, akifika ya 8 anaitwa Shujaa Mkuu. Kwa nini 4 na 8? Kwa nini si 5 na 10? Na swali kubwa zaidi: mchezo wa kupanga majeshi uligeukaje kuwa watu watano wamekaa mezani wanatunga kisa kimoja?

dogo_gemu

Si ni kama zile gemu za simu, unaua mazimwi unapanda levo? Ipo ya kudownload isiyokula bando?

Kete_Nyekundu

Dogo, hii ni ya mezani, bando lake ni penseli. Ila hiyo levo unayoisema ilitoka huku kwanza.

MtuMzito

Jibu ni rahisi. Asili ni sataranji. Wajerumani waliipanua sataranji ikawa mchezo wa majeshi, Wamarekani wakatia mazimwi na wachawi, na mazimwi ndiyo yaliyoleta hadithi. Ukishakuwa na zimwi una hadithi.

Refa_wa_Pembeni

MtuMzito, nusu ya kwanza nakupa. Johann Hellwig, mwaka 1780, kweli alitengeneza mchezo wa vita juu ya ubao wa miraba ukiwa na damu ya sataranji ndani yake. Nusu ya pili hapana. Mazimwi yalikuwemo kwenye Chainmail ya Gary Gygax na Jeff Perren, 1971, kwenye nyongeza ya mwisho wa kitabu. Na bado ulikuwa mchezo wa majeshi mawili: zimwi lilikuwa silaha nzito tu, kama mzinga wenye mabawa. Hakuna aliyeulizwa zimwi linataka nini.

Kilicholeta hadithi ni refa. Tuanzie hapo.

Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, ofisa wa Prusia, alichapisha kanuni za Kriegsspiel, akiendeleza kazi ya baba yake. Aliachana na miraba akachukua ramani halisi ya kijeshi, kipimo cha 1 kwa 8,000. Kila zamu ni dakika 2 za vita. Lakini utaratibu wake ndio wa kuangalia: mchezaji hasogezi kitu. Anaandika amri kwenye karatasi, anampa refa. Refa anasoma amri za pande zote mbili, anasogeza vipande, anarusha dadu kupata hasara, na anamwonyesha kila upande kile tu ambacho wangekiona kama wangekuwa pale uwanjani.

Kwenye sataranji, jambo lisilo kwenye kanuni haliwezekani. Hapa mchezaji anaweza kuandika "chomeni lile daraja la mbao" hata kama kitabu hakina ukurasa wa kuchoma madaraja. Refa atapima: wana muda? Wana mafuta? Kumenyesha? Ndipo atatoa uamuzi.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizito, majedwali juu ya majedwali, na maofisa walichoka. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza yatupwe karibu yote, refa mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Kwa hiyo ugomvi wetu wa leo, kanuni nyingi au refa huru, una karne na nusu.

Binti_Kibarazani

Lakini jamani, mbona hayo ya kuhadithiana kwa pamoja tunayo? Msimulizi anasema "Paukwa", hadhira "Pakawa", na hadithi inaendelea kwa kuitikiana. Hilo si ndilo hilo?

Refa_wa_Pembeni

Binti, kuitikia kupo, ila jiulize: hadhira ikikataa sungura asiingie shimoni, sungura haingii? Msimulizi ana njia yake. Kwenye mchezo huu aliyeshika sungura ni mtu mwingine, anaweza kusema "siingii," na msimulizi hana haki ya kumwingiza.

Binti_Kibarazani

Inategemea na watoto. Wapo wanaobishana mpaka bibi anabadilisha. Ila nimekuelewa. Endelea.

Refa_wa_Pembeni

Sasa vuka bahari, Minnesota, 1969. David Wesely alikuwa ndani ya kundi la wapenzi wa vita vya Napoleoni. Alikuwa amesoma Strategos, kitabu cha Charles Totten cha 1880, ambacho kilishika mila ileile ya refa anayeruhusu lolote lijaribiwe. Akaandaa pambano katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Makamanda wawili wa majeshi walikuwepo, lakini waliobaki aliwapa watu wa mjini: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Na kila mmoja alikuwa na lengo lake, lisilofanana na la mwenzake.

Mpango ulikuwa majeshi yakutane. Hayakukutana. Wachezaji walianza kuvutana pembeni, kunong'onezana, kupatana, kudanganyana. Wawili wakaitana kwenye pambano la ana kwa ana, na Wesely hakuwa na kanuni ya jambo hilo, ikabidi aitunge palepale. Jioni ilipokwisha alidhani ameharibu mchezo. Wachezaji wakamwomba aandae mwingine.

Kwenye toleo la baadaye, la nchi ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, Dave Arneson alipewa nafasi ya mwanamapinduzi ambaye alipata pointi kwa kusambaza vipeperushi. Yeye akaja na kitambulisho bandia cha CIA, akawashawishi wenzake kwamba ni jasusi. Kadi ile haikuwa kwenye kanuni. Ilifanya kazi kwa sababu watu mezani waliiamini.

Mabadiliko yenyewe ni hayo: mtu mmoja, kichwa kimoja, lengo lake mwenyewe, na refa asiyekataa jaribio. Dadu bado ziko kwenye kiwango cha vita, lakini kinachochezwa si vita tena.

MtuMzito

Kwa hiyo Arneson ndiye mwanzilishi wa Dungeons & Dragons na Gygax, mwenzake kwenye kitabu, alichukua tu.

Kete_Nyekundu

Hapo ndipo nyuzi hufungwa. Arneson alifungua kesi 1979, wakamalizana nje ya mahakama 1981, na watu bado wanagombana. Tusiende huko.

Refa_wa_Pembeni

Turudi kwenye swali la Kete: 4 na 8. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mwanzo mpaka mwisho. Mtu mmoja mwenye deraya kamili ya bamba na ngao amesimama kwenye daraja jembamba. Askari wa miguu wanamjia, na daraja linapitisha watatu tu kwa safu.

Kwenye Chainmail, sanamu moja ya kawaida ni askari 20. Dadu ikisema imeuawa, unaiondoa mezani. Hakuna kujeruhiwa: kikosi kipo au hakipo. Shujaa ndiye wa pekee. Ana nguvu ya sanamu nne, na askari wa kawaida hawamuui mpaka wapate mapigo manne ya kuua kwa wakati mmoja. Wakipata matatu, hakuna kilichotokea. Shujaa Mkuu ni nane.

Sasa tazama daraja letu. Askari wa miguu hapati zaidi ya dadu moja kwa sanamu. Hata tukihesabu kila askari kama sanamu nzima, ni sanamu tatu, dadu tatu, mapigo yasiyozidi matatu. Yule mtu hafi. Wanaweza kuja mpaka kesho, hafi, hachoki, hatoki damu. Kwa mchezo wa majeshi hilo si kosa, kamanda anahitaji tu kujua daraja limefungwa. Lakini mkabidhi mtu mmoja yule shujaa, awe ndiye yeye usiku kucha: atahisi nini? Hana cha kuogopa. Na akiwa askari wa kawaida ni kinyume chake, pigo moja na mchezo wake umekwisha.

Arneson alikutana na hilo kwenye Blackmoor, kampeni yake aliyoanza baada ya Wesely. Wachezaji hawakutaka mtu waliyemlea wiki kadhaa afe kwa dadu moja. Akachukua kitu kutoka kanuni zake za manowari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: meli haizami kwa kombora moja, ina unene wa chuma na ina idadi ya mapigo inayoweza kubeba. Deraya na pointi za uhai unazozijua zimetoka baharini.

Vuli ya 1972 akampelekea Gygax mchezo huo Lake Geneva, Wisconsin. Mwaka 1974 kwenye kitabu, mpiganaji wa ngazi ya 4 ana dadu 4 za uhai, za pande sita. Jina lake Shujaa. Ni yuleyule wa Chainmail, sanamu nne zikageuka dadu nne. Wa ngazi ya 8 ndiye Shujaa Mkuu.

Kete_Nyekundu

Eeeh! Kumbe ngazi nyingine zilijazwa katikati.

Refa_wa_Pembeni

Hivyo ndivyo inavyosomeka. Sasa rudia daraja kwa kanuni za 1974. Dadu 4 zinatoa wastani wa pointi 14. Silaha zote zinaumiza dadu moja ya sita, wastani 3.5. Gawanya: mapigo manne. Hesabu ni ileile ya Chainmail, isipokuwa neno moja limefutwa: "kwa wakati mmoja". Sasa mapigo yanahesabiwa yakilimbikizana.

Askari wa kawaida anahitaji 17 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 kupenya deraya na ngao. Hiyo ni nafasi 4 kati ya 20. Askari watatu kila raundi wanapata mapigo 0.6, yaani kama pointi 2.1. Pointi 14 zinaisha kwenye raundi ya 7 hivi.

Na hapo katikati, raundi ya 3 au ya 4, mchezaji anaangalia karatasi yake anaona amebakiwa na pointi 6. Anauliza: daraja hili linaweza kukatwa? Nikijitupa mtoni na deraya hii nitaelea? Kamanda wao anaongea lugha yangu? Kanuni haijaandika hadithi yoyote. Imempa mtu muda wa kuogopa akiwa bado hai.

Hesabu_Kali

Hesabu yako ina kasoro ndogo. Pigo la mwisho kwa kawaida linapitiliza, mtu aliyebakiwa na pointi 1 anapigwa 5. Kwa hiyo pointi 14 zinahitaji wastani wa mapigo karibu 4.5, si 4. Ni raundi 7 na nusu. Na usisahau hakuna aishiye kwa wastani: kuna Shujaa atakayerusha dadu zake nne apate 7, naye kwa kawaida ataanguka raundi ya 4 hivi.

Refa_wa_Pembeni

Sahihi, nakubali. Na huyo wa pointi 7 ndiye anayeanza kuongea mapema.

Mshumaa_Mmoja

Samahani nichomeke langu. Naendesha meza ya watu wanne, toleo la siku hizi. Tatizo ni kwamba kila kitu kinageuka mapigano. Mlinzi getini, wanampiga. Mwenye nyumba ya wageni, wanampiga. Pambano moja linakula saa nzima. Nimewaambia tunatunga hadithi, wanaitikia, halafu wanapiga. Nafanyaje?

MtuMzito

Badilisha wachezaji.

Refa_wa_Pembeni

Usibadilishe wachezaji, kwanza angalia unalipa nini. Unawapa pointi za uzoefu kwa lipi?

Mshumaa_Mmoja

Kwa wanachoua, kama kitabu kinavyosema.

Refa_wa_Pembeni

Basi wanafanya unachowalipa. Kitabu cha 1974 kililipa tofauti: sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa nje salama ni pointi moja, na mnyama ni 100 kwa kila ngazi yake. Mfano wa kitabu chenyewe ni jitu la ngazi ya 7 linalolinda dhahabu 7,000. Kuliua ni pointi 700. Dhahabu ni 7,000. Mpiganaji anahitaji 2,000 tu kufika ngazi ya 2, na pigo moja la jitu linaweza kummaliza. Mwenye akili anaiba wakati limelala, au analihonga nyama, au analidanganya litoke.

Kanuni ile iliandikwa na watu wa vita na haikusema lolote kuhusu hadithi, lakini ilizaa visa vya ujanja kila meza. Dhahabu ilipoondolewa kwenye kanuni za kawaida na mauaji yakabaki, watu wakarudi vitani.

Kwako: chagua kitu kimoja unachotaka kukiona, kilipe hicho waziwazi, mauaji yalipe sifuri. Uwaambie kabla ya kikao. Kama unataka siri za mji, siri moja iliyothibitishwa ni pointi kadhaa. Dalili kwamba imekubali: wataanza kuuliza maswali kabla ya kuchomoa upanga. Vikao viwili vikipita hawaulizi, malipo yako ni madogo mno au hawaoni njia ya kuyapata.

Binti_Kibarazani

Mimi nilidhani hadithi iliingia rasmi na Vampire: The Masquerade, 1991. Refa anaitwa Msimulizi humo.

Kete_Nyekundu

Au Dragonlance, 1984. Mfululizo wa visa ulioandikwa tayari, na mashujaa wenye majina.

Refa_wa_Pembeni

Zote mbili zilileta hadithi, ila angalia ya nani. Dragonlance ilikuwa na njia yake. Ukimuua mapema adui anayehitajika baadaye, refa anapata shida, kwa hiyo anaelekezwa amwokoe. Wachezaji wanaita hiyo reli: umepanda treni, kuangalia dirishani ruksa, kukata kona hapana. Vampire ilibadilisha swali kutoka "utapata nini" kuwa "umekuwa nani", hilo nalipa heshima kubwa. Lakini dadu zake bado zinajibu kufaulu au kushindwa, na Msimulizi bado ndiye anayejua kinachokuja.

Kutunga pamoja kwa kanuni, si kwa hisani ya refa, nakuona wazi kwenye Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, 2010. Rudi darajani mara ya mwisho. Mchezaji anasema anashikilia daraja huku anapigwa. Anarusha dadu mbili za sita, anajumlisha. 10 au zaidi, ameweza. 6 au chini, refa anasema jambo baya. 7 mpaka 9, anaweza, lakini refa anampa uchaguzi mgumu: daraja linashikika ila mwenzako wa upande wa pili anabaki huko, au unarudi nyuma naye na daraja linachukuliwa. Mchezaji ndiye anayechagua. Refa mwenyewe harushi dadu kabisa.

Hesabu_Kali

Bila nyongeza: 10 na kuendelea ni njia 6 kati ya 36, 7–9 ni 15, na 6 kushuka ni 15. Ukiwa na nyongeza ya 1 inakuwa 10, 16, 10. Kwa hiyo ukiwa na nyongeza hiyo, jibu linalotokea zaidi ni lile la katikati, "ndiyo, lakini". Mchezo mzima umekaa juu ya hilo "lakini".

Refa_wa_Pembeni

Na hapo ndipo unapoharibika. Refa aliyetoka D&D akiona 8 husema "sawa, ila unapoteza uhai kidogo." Akirudia mara tano, amerudisha manowari: ni pointi zinazopungua tu, kwa njia ndefu zaidi. Gharama ya 7–9 lazima ibadilishe hali: mahali, mtu, kitu, au nani anajua nini. Kipimo ni rahisi. Baada ya uamuzi, mchezaji anayefuata akiweza kufanya kilekile alichokusudia kabla, hujabadilisha kitu.

Mshumaa_Mmoja

Hiyo naweza kuitumia hata kwenye toleo langu? Dadu ya 20 haina katikati.

Refa_wa_Pembeni

Weka katikati mwenyewe: akikosa namba kwa 1, 2 au 3, anafaulu kwa gharama akikubali. Akikataa, ameshindwa. Ila usiiweke kwenye kila pigo la upanga, pambano litakuwa refu zaidi badala ya fupi. Iweke kwenye kupanda ukuta, kudanganya, kukimbia.

MtuMzito

Mimi nasema hivi: mkishamwondolea refa dadu, kesho mtamwondoa refa mwenyewe. Itakuwa si mchezo tena, ni watu wanapiga soga.

Kete_Nyekundu

Ameshaondolewa. Fiasco ya Jason Morningstar, 2009, watu 3 mpaka 5, hakuna refa. Dadu nne kwa kila mchezaji, rangi mbili. Ukilianzisha onyesho wewe, wenzako ndio wanaoamua litaisha vizuri au vibaya, kwa kukupa dadu ya rangi moja au nyingine. Ukiamua mwisho wewe, wao ndio wanaoanzisha. Huwezi kushika ncha zote mbili.

MtuMzito

Na nani anayeficha kitu basi? Wale wa 1824 walimweka refa ili adui asionekane. Humo kila mtu anaona kila kitu.

Refa_wa_Pembeni

Hoja hii nzuri kuliko zote ulizoleta. Kwa kweli kinachopotea ni mshangao wa ramani: nyuma ya kile kilima kuna nini? Bila refa, kilima hakina nyuma mpaka mtu aitunge. Wapo wanaosema mshangao unatoka kwa wenzako badala ya ramani. Mimi bado sijashawishika kwamba ni kitu kilekile.

dogo_gemu

Dadu ya pande 20 Kariakoo inapatikana?

Hesabu_Kali

Huihitaji. Andika 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi vya ukubwa mmoja, vikunje sawasawa, weka kwenye kikombe, chomoa kimoja. Ukishakisoma kirudishe ukoroge. Usipokirudisha, ile 17 ya yule askari wa darajani itakuwa na uhakika wa kutoka mapema au kuchelewa, na hesabu zote za hapo juu zitakuwa za mchezo mwingine.